Nyumba nyepesi juu ya udongo unaovimba: kisa cha kuchagua msingi kusini mwa Moshi

Kisa hiki ni cha kweli. Nimeondoa majina, nimeficha eneo la kiwanja, na nimebadilisha mambo madogo yasiyogusa ujenzi ili wahusika wasitambulike. Vipimo nilivipima mwenyewe au nilikuwepo vilipopimwa, isipokuwa pale ninaposema mwingine ndiye aliyepima.

Mahali, na watu wenyewe

Ukishuka kutoka miteremko ya Kilimanjaro kuelekea tambarare za kusini mwa mji wa Moshi, udongo hubadilika chini ya miguu yako. Juu kule kwenye vihamba ni udongo mwekundu wa volkano, unaopitisha maji na kushikilia nyumba vizuri. Msingi wa mawe wenye kina cha futi mbili na nusu hukaa huko miaka arobaini bila ufa. Ukifika chini unakutana na udongo mfinyanzi mweusi wa mbuga. Wakati wa masika unanata kwenye viatu mpaka unashindwa kuinua mguu, na Septemba unapasuka nyufa ambazo ukitumbukiza fimbo inazama yote.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu aliyenunua kiwanja huko chini kwa sababu bei ya juu ilimshinda. Alitaka nyumba ndogo ya vyumba vitatu, sebule, jiko na choo, yenye urefu wa mita 11 na upana wa mita 9, kuta za tofali za saruji za inchi 6 na bati la kawaida juu. Alikuwa na fundi wake, mtu mwaminifu na mwenye mkono mzuri, aliyejifunza kazi miaka mingi kule kwenye udongo mwekundu. Fundi alikuwa ameshapiga hesabu ya msingi wa ukanda, yaani mtaro unaofuata kuta zote, zege chini, mawe juu yake. Aliahidi kuchimba futi tatu badala ya mbili na nusu "kwa sababu huku ni laini."

Mimi ni mhandisi, na Mwalimu alinipigia simu baada ya kuona nyumba ya jirani.

Ufa unaopumua

Nilifika katikati ya Juni. Baada ya shikamoo na chai, Mwalimu hakunipeleka kwenye kiwanja chake kwanza. Alinipeleka kwa jirani.

Nyumba ya jirani ilikuwa na umri wa miaka sita, msingi wa ukanda wa mawe, kina futi tatu. Ufa ulianza kwenye kona ya juu ya dirisha la chumba cha pembeni, ukapanda kwa mshazari hadi chini ya kenchi. Mwenyewe alikuwa ameuziba na kuupiga rangi mara tatu. Ila alikuwa amefanya jambo moja la maana sana bila kuambiwa na mtu: alichora kwa penseli vistari vya kukatiza ufa, na kando ya kila kistari akaandika mwezi na upana. Oktoba, milimita 8. Mei, milimita 3. Oktoba tena, 9. Mei, 3. Mlango wa chumba hicho nao, alisema, unafungwa vizuri wakati wa masika, lakini kiangazi lazima uubebe kidogo kwa bega.

Vistari vile vilinieleza mengi kuliko kitu kingine chochote siku ile. Nyumba inayozama kwa sababu udongo umeelemewa hupasuka, na ufa wake hupanuka kwa mwelekeo mmoja tu, haurudi nyuma. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika ni wa udongo unaovimba na kusinyaa. Pia ufa ule ulikuwa mpana juu na mwembamba chini, maana yake pembe ya nyumba ilikuwa inashuka ukilinganisha na katikati. Ndivyo inavyotokea kiangazi: udongo wa pembeni unakaushwa na jua na upepo, wakati ule ulio chini ya sakafu umefunikwa na unabaki na unyevu wake. Ufa ungekuwa mpana chini, ningetafuta maji yanayoingia kwenye kona ile.

Nilimweleza Mwalimu hivi tukiwa tumesimama pale. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, mimi nichimbe kina gani?" Nikamjibu kwamba kina kitategemea tutakachokiona ardhini, na kwamba sitaki kutaja msingi wowote kabla ya kuchimba.

Mashimo matatu na mitungi miwili

Tulichimba mashimo matatu kwa jembe na sululu: moja upande wa juu wa kiwanja, moja katikati, moja upande wa chini ambako jiko lingekuwa. Kiwanja kinateremka kidogo tu, hata jicho halioni.

Upande wa juu, udongo mweusi ulikwenda hadi mita 1.4. Chini yake ukaja udongo wa kijivu wenye vinundu vyeupe vya chokaa vya ukubwa wa maharage, na kwenye mita 2.3 sululu ikagonga moramu ngumu ya mawe ya volkano yaliyooza. Katikati moramu ilikuwa mita 2.8. Upande wa chini tulifika mita 3 na bado tulikuwa kwenye mfinyanzi, tukasimamisha kazi kwa sababu kuta za shimo zilianza kuachia vipande. Vipande hivyo ukivishika, upande uliobanduka unang'aa na una mistari midogo, kana kwamba umepakwa mafuta kisha ukaburuzwa. Nyuso hizo hutokea pale udongo unapovimba na kujisukuma wenyewe kwa wenyewe mwaka hadi mwaka. Ukiziona huhitaji kusubiri maabara ili uwe na wasiwasi.

Hata hivyo tulipeleka sampuli maabara. Jaribio rahisi kuliko yote ni hili: gramu 10 za udongo uliokaushwa na kuchekechwa kwenye chekecheke laini hutiwa kwenye mtungi wa vipimo wenye maji, na gramu 10 nyingine kwenye mtungi wenye mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayauvimbishi udongo, kwa hiyo ndiyo kipimo cha kulinganishia. Baada ya saa 24 unasoma. Kwetu, kwenye mafuta ya taa udongo ulikaa kwenye mililita 10.5, na kwenye maji ulipanda hadi 21. Umevimba kwa asilimia 100 ya ujazo wake. Ukivuka asilimia 50 unaanza kuchukua tahadhari, na ukifika 100 unajenga ukijua kwamba ardhi itatembea. Kwenye jaribio la kusinyaa, kipande cha udongo mbichi cha urefu wa milimita 140 kilikauka kikabaki 117.

Kisa kizima kimeegemea jambo moja, na ndilo gumu zaidi kumweleza fundi aliyezoea udongo mwekundu. Fundi alikuwa anaogopa nyumba kuzama. Lakini nyumba ya ghorofa moja, ya tofali na bati, si nzito. Ukuta wa Mwalimu, pamoja na paa na msingi wake, ungeleta takriban tani 2.5 kwa kila mita ya urefu. Ukiuweka juu ya ukanda wa upana wa sentimita 60, ardhi inabeba kama tani 4 kwa mita ya mraba. Udongo wa aina hii ukilowa huku umebanwa, unaweza kusukuma juu kwa zaidi ya tani 10 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo nyumba itainuliwa, na itainuliwa kwa viwango tofauti mahali tofauti. Ile dawa ambayo kila mtu huitaja kwanza, ya kupanua ukanda ili "uzito usambae", hapa inazidisha ugonjwa, kwa sababu inapunguza uzito unaoukandamiza udongo na kuurahisishia kazi ya kuinua.

Ukanda, pedi au rafti

Tulikaa chini ya mti watu watatu, Mwalimu, fundi na mimi, tukachukua msingi mmoja mmoja.

Ukanda ulikuwa na hoja ya bei na ya mazoea. Ungefaa kama udongo mweusi ungekuwa mwembamba, tuseme chini ya mita moja, tukauchimba wote na kukalisha zege juu ya moramu yenyewe. Kwetu hata upande wa juu tungehitaji mtaro wa mita 2.3 kuzunguka nyumba nzima, na upande wa chini zaidi ya mita 3. Ukanda unaoishia katikati ya mfinyanzi, uwe futi tatu au nne, unaishia ndani ya tabaka lile lile linalopanda na kushuka kila msimu. Ndiyo nyumba ya jirani. Tuliuacha mapema.

Pedi zilinivutia zaidi, na nakiri kwamba kwa utaratibu wa kihandisi ndizo zenye hoja safi kuliko zote. Unachimba mashimo machache hadi kwenye moramu, unaweka besi huko chini ambako unyevu haubadiliki, unapandisha nguzo, unafunga graundi bimu, yaani boriti za zege za chini, juu yake, na kuta zinakaa juu ya bimu. Udongo mweusi unabaki kupanda na kushuka peke yake katikati ya nguzo. Lakini masharti yake ni makali. Bimu haitakiwi kugusa udongo: lazima ubakishe nafasi tupu chini yake, sentimita 10 hivi, ili udongo ukivimba usiibebe. Nguzo nazo zinahitaji kutenganishwa na udongo unaozizunguka, vinginevyo udongo unazishika ubavuni na kuzivuta juu. Na sakafu, hapa ndipo wengi huharibikiwa, inapaswa kuning'inia juu ya bimu kama sakafu ya ghorofa. Nimeona nyumba zilizowekwa pedi na bimu kwa gharama kubwa, kisha jamvi, yaani sakafu ya zege, likamwagwa moja kwa moja juu ya udongo mweusi ndani ya vyumba. Kuta zinatulia kabisa na sakafu inapanda katikati kama mkate unaoumuka, inabeba na kuta ndogo za ndani zilizojengwa juu yake.

Kwa nyumba ya Mwalimu tungehitaji pedi 14, nusu yake zikiwa na kina cha karibu mita 3 au zaidi kwenye udongo unaomeguka, ambapo huwezi kumshusha mtu bila kuegemeza kuta za shimo kwa mbao. Tulipojumlisha mbao, nondo za sakafu ya kuning'inia na kina tusichokijua upande wa chini, pedi zilipita bajeti yake kwa karibu theluthi moja.

Ikabaki rafti, yaani bamba moja la zege lenye mbavu linalobeba nyumba yote. Nilimweleza Mwalimu wazi kwamba rafti haizuii udongo kuvimba. Kwa nyumba hii inakandamiza ardhi kwa chini ya tani 2 kwa mita ya mraba, uzito ambao udongo huo hautausikia. Kazi ya rafti ni nyingine: pale udongo unapopanda kona moja, nyumba nzima iegemee kidogo kwa pamoja, kama mtumbwi, badala ya kuta kuvutana kila mmoja na upande wake hadi zipasuke. Ili ifanye hivyo lazima iwe ngumu, na lazima tupunguze mwendo wa udongo chini yake.

Fundi alisikiliza kwa muda mrefu kisha akasema, "Injinia, mimi nimeelewa. Ila bamba la kawaida la jamvi na mesh si ndiyo hilo hilo?" Swali zuri. Bamba la sentimita 10 lenye wavu mwembamba katikati hupinda kama bati. Ugumu unatoka kwenye mbavu.

Tuliamua rafti yenye bamba la sentimita 15 na mbavu za upana wa sentimita 25 na kina cha sentimita 60 kutoka juu ya bamba, kuzunguka ukingo wote, na nyingine tatu ndani chini ya kuta kuu. Kila ubavu una nondo tatu za milimita 16 chini na tatu juu, zimefungwa kwa ringi. Nondo za juu ndizo fundi alizotaka kupunguza, kwa kuwa kwenye bimu ya kawaida ya linta kazi kubwa iko chini. Lakini rafti hii inapinda pande zote mbili: masika kingo zinainuliwa na katikati inabaki chini, kiangazi kingo zinakosa mhimili na kuning'inia, na hapo mvutano wote uko juu. Vipimo hivi vilikokotolewa kwa nyumba hii na udongo huu. Mwenye kiwanja kingine asivichukue kama vilivyo.

Ujenzi, na kwa nini hatukungoja Septemba

Mwalimu alitaka kuanza Septemba, fedha zake zikikamilika. Nilimwomba tuchimbe mwanzoni mwa Julai kwa fedha zilizopo, tumalize chini, kisha tupumzike. Sababu ni unyevu. Septemba udongo umekauka na kupasuka hadi chini. Ukiufunika ukiwa hivyo, unyevu utarudi polepole chini ya rafti miaka miwili au mitatu ijayo, na katikati ya nyumba itapanda bila kushuka tena. Julai, baada ya masika na katika baridi ya Moshi, udongo una unyevu wa wastani. Ukiufunika hapo, safari iliyobaki ya kupanda na kushuka ni fupi zaidi.

Tulichimba sentimita 60 za juu kwenye eneo lote la nyumba pamoja na mita moja ya ziada kila upande, tukaziba chini kwa moramu ndani ya siku nne. Tulipoona sehemu moja imeanza kupasuka mchana, tuliimwagia maji jioni mpaka nyufa zikafungana, ndipo tukaendelea. Moramu iliwekwa kwa tabaka za sentimita 15 na kushindiliwa kwa mashine, kila tabaka likiwa na maji ya kutosha kushikana ukilifinyanga kiganjani bila kuacha tope. Tulipanda hadi sentimita 30 juu ya ardhi ya asili. Jumla ilikuwa takriban tipa 17 za mita za ujazo 10.

Siku ya tatu ilikuja tipa ya mchanga msafi wa mtoni badala ya moramu, kwa kuwa machimbo yalikuwa na foleni. Fundi alitaka kuupokea, akisema mchanga ni mzuri kuliko moramu. Kwa plasta ndiyo. Chini ya rafti kwenye mfinyanzi, mchanga unakuwa kisima: maji ya mvua yanaingia kwa urahisi, yanakuta mfinyanzi chini usiopitisha, yanakaa pale na kuulowesha wiki nzima. Moramu yenye chembe laini za kutosha hushindiliwa ikawa ngumu na maji hayapenyi haraka. Mchanga ule ulitumika kwenye tofali.

Zege la rafti, kama mita za ujazo 23, lilimwagwa kwa siku moja mwezi Agosti kwa mashine mbili za kuchanganyia, juu ya karatasi nzito ya nailoni, nondo zikiwa zimeinuliwa kwa vile vipande vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti. Mabomba ya maji machafu yalipita ubavuni mwa rafti ndani ya bomba kubwa zaidi, la inchi 4 ndani ya la inchi 6, ili nyumba ikisogea lisikatike.

Kisha fedha zikaisha, kama tulivyotarajia. Kuta na paa vilikamilika Novemba. Kitu ambacho hakikujengwa ni kile kinachozunguka nyumba: njia ya zege ya upana wa mita 1.5, yenye nailoni chini yake na mteremko wa kutoka ukutani, ambayo kwenye mchoro wangu ilikuwa sehemu ya msingi na kwenye bajeti ilikuwa imeandikwa pamoja na rangi na bustani. Vuli ikanyesha kingo zikiwa wazi.

Desemba Mwalimu alinipigia. Wanawe walikuwa wanakuja Krismasi na alitaka baraza mbele, paa dogo la mita 1.8 juu ya nguzo mbili. Fundi alikuwa tayari. Niliuliza kwa simu nguzo zitakaa juu ya nini, nikaambiwa besi za futi mbili kwa mbili, kina futi mbili na nusu. Nikaona ni mzigo mdogo, nikakubali bila kwenda.

Misimu miwili ya masika

Kabla ya yote hayo tulikuwa tumeweka alama ya kupimia. Upande wa juu wa kiwanja tulishindilia bomba la chuma hadi kwenye moramu mita 2.3 chini, na kulizungushia bomba la plastiki ili mfinyanzi usilishike. Ukipima nyumba kwa kulinganisha na jiwe lililokaa juu ya udongo ule ule, jiwe nalo linapanda, na utasema nyumba imetulia. Kwenye ukingo wa rafti tulipigilia misumari minane. Kila mwezi kijana wa Mwalimu alipima kwa mpira wa maji, ule wa mafundi, ambao ukiwa makini na hauna mapovu unakupa usahihi wa milimita 2. Kipimo cha kwanza kilikuwa Desemba.

Mwezi wa Mei, mwisho wa masika ya kwanza, misumari mingi ilikuwa imepanda milimita 5 hadi 9. Kona ya jikoni ilikuwa 17.

Nilikwenda. Nje ya kona hiyo kulikuwa na bomba la kufulia. Halikuwa kwenye mchoro. Liliwekwa kwa sababu ni karibu na jiko, jambo ambalo mtu yeyote mwenye nyumba angefanya. Kila siku beseni mbili tatu za maji ya kufulia zilimwagwa pale, nusu mita kutoka kwenye rafti, na ardhi ilikuwa tope hata wiki ambayo mvua haikunyesha. Tulihamisha bomba mita 6 kutoka nyumbani, tukaliwekea mfereji wa zege unaoelekea chini ya kiwanja. Juni hiyo hiyo Mwalimu akamalizia njia ya zege kuzunguka nyumba, na mabomba ya bati la mvua yakaongezwa ili yamwage mbali. Oktoba kona ya jikoni ilishuka hadi 9. Mei iliyofuata, masika ya pili, ilisoma 11, na misumari mingine kati ya 4 na 8.

Ndani ya nyumba, wakati ule wa milimita 17, kulikuwa na nyufa mbili nyembamba kama unywele juu ya mlango wa jiko. Milango yote ilifungwa. Tofauti kati ya kona ya jikoni na kona iliyo mkabala, umbali wa mita 14.2, ilikuwa milimita 12, sawa na 1 kwa 1,180 hivi. Kuta za tofali kwa kawaida huvumilia mwinamo huo bila kupasuka kwa kuonekana. Nyumba ilikuwa imeegemea kama tulivyotaka.

Baraza halikuvumilia. Nguzo mbili, ambazo kila moja haibebi hata tani moja, zilipanda milimita 23 masika ya kwanza. Ukingo wa mbele wa nyumba, mita 1.8 nyuma yake, ulipanda 7. Hiyo ni tofauti ya milimita 16 ndani ya mita 1.8, yaani 1 kwa 112. Mbao za paa la baraza, zilizokuwa zimechomekwa ukutani kwa saruji, ziling'oa plasta na kufungua ufa mlalo wa milimita 6 juu ya mlango wa mbele. Ndio ufa pekee ambao wageni wa Mwalimu huuona.

Uchambuzi

Rafti ilifanya kazi iliyopewa, ila ukiangalia tarehe za vipimo utaona kwamba nusu ya kazi ilifanywa na maji yaliyozuiliwa. Kona ya jikoni ilishuka milimita 8 baada ya kuhamisha bomba na kumalizia njia ya zege, wakati rafti ilikuwa ile ile. Sehemu ya kushuka huko ni kiangazi cha kawaida, kwa kuwa misumari mingine nayo ilishuka hadi kama 2. Lakini masika ya pili kona haikurudi 17, na mvua ilinyesha kama kawaida. Kosa langu lilikuwa kuiacha njia ya zege kwenye orodha ya mapambo. Leo naiandika kwenye karatasi ya msingi, pamoja na bomba la kufulia na mahali maji ya paa yatakapomwagwa, na namwambia mwenye nyumba kwamba msingi haujaisha kabla hivyo havijakamilika. Ikibidi kupunguza gharama, apunguze chumba.

Uamuzi wa kuchimba Julai siwezi kuuthibitisha kwa namba, kwa sababu hatuna nyumba pacha iliyojengwa Septemba. Ninachoweza kusema ni kwamba katikati ya sakafu, tulikopima kupitia mlango wa mbele kwa mpira ule ule, haikupanda kuliko kingo katika misimu yote miwili. Kwenye nyumba zilizofunikwa zikiwa kavu, mpando wa katikati ndio huonekana baadaye, kwa hiyo tutaendelea kupima.

Baraza ni kosa langu zaidi kuliko la fundi. Pedi zile zilikuwa na kila kasoro niliyoieleza mwezi Juni chini ya mti: ziliishia katikati ya tabaka linalotembea, hazikuwa na uzito wa kupinga, na zilifungwa kwenye jengo lililokaa juu ya msingi wa aina nyingine. Hilo la mwisho ndilo lililopasua ukuta. Kama paa la baraza lingeegemea juu ya kishikio kinachoteleza bila kuchomekwa ukutani, nguzo zingepanda na kushuka zipendavyo na plasta isingejua. Vinginevyo baraza lingebebwa na rafti yenyewe kwa kuirefusha mbele mita 1.8 toka mwanzo, na hilo ndilo lingekuwa rahisi kuliko yote kama ningemuuliza Mwalimu mwezi Juni wageni wake watakaa wapi.

Kuhusu pedi kwa nyumba nzima, bado naamini kwamba kwenye kiwanja ambacho moramu iko mita 1.5 hadi 2 na kwa usawa, ningezichagua kabla ya rafti, kwa sharti la sakafu ya kuning'inia. Tungekuwa na kiwanja cha aina hiyo, milimita 17 zisingetokea. Hapa kina kilichobadilika kutoka 2.3 hadi zaidi ya 3 ndicho kilichoamua, na tusingekijua kwa shimo moja. Fundi alikuwa amependekeza shimo moja katikati.

Machi, kabla ya masika kuanza, tulikata mbao za baraza ukutani, tukazikalisha juu ya ubao uliofungwa kwa boliti wenye matundu marefu, tukabakisha pengo la milimita 20 kati ya paa la baraza na ukuta na kulifunika kwa kipande cha bati kilichoshikiliwa upande mmoja tu. Mei nguzo zilipanda tena, milimita 19 mara hii. Plasta juu ya mlango wa mbele haikuguswa. Jirani naye amekuja kuomba apimiwe, na ameanza kwa kuhamisha tangi lake la maji lililokuwa likifurika kwenye kona ile yenye ufa.